Wayahudi wanamsubiri nani hasa? Ubishi wa kijiweni Mwaloni Kirumba

MchuuziWaDagaa
Wakuu, habari za jioni. Leo alfajiri pale Mwaloni tulikuwa kwa muuza kahawa tukisubiri boti la dagaa kutoka visiwani, limechelewa. Kuna mzee wetu mmoja mlokole na kuna ustadhi mmoja muuza magunia. Hawa wawili hawajawahi kukubaliana jambo lolote tangu niwajue, hata bei ya kahawa wanabishana. Leo wamekubaliana. Mlokole kasema Wayahudi walimkataa Yesu, kwa hiyo yule wanayemsubiri ni Mpinga Kristo, ila hawajui. Ustadhi akadakia: "Hapo umenena, sisi tunamwita Dajali."

Mimi nikauliza swali dogo tu: na Wayahudi wenyewe wanasema wanamsubiri nani? Kimya. Hapa Kirumba sijui Myahudi hata mmoja wa kumuuliza. Mwenye kujua aniambie, ila aniambie wanavyosema wao, sio tunavyowasemea sisi.

NgoshaWaMagu
Israeli wana jeshi na ndege za kivita, wamsubiri nani tena? Uzi wa siasa huu, upelekwe jukwaa la kimataifa.

MchuuziWaDagaa
Ngosha soma swali kwanza baba.

Ustadhi_Pasiansi
Asalaam alaykum. Huyo ndugu yetu wa magunia hakusema uongo, kuna hadithi katika Sahihi Muslim kwamba Dajali atafuatwa na Mayahudi elfu sabini wa Isfahani. Lakini ndugu mleta mada usichanganye. Sisi hatumsubiri mmoja, tunawasubiri wawili. Kuna Mahdi, huyu ni mtu wa kawaida, kizazi cha Bibi Fatuma, ataijaza dunia uadilifu kama ilivyojazwa dhuluma. Halafu anateremka Nabii Isa, amani iwe juu yake, mashariki ya Damasko penye mnara mweupe, anamuua Dajali katika lango la Luddi. Na haya yote, Mahdi na Isa, yametajwa kwa majina katika Bukhari na Muslim, hayana shaka.

BintiMkuyuni
Waalaykum salaam ustadhi. Kwa Isa uko sawa. Kwa Mahdi naomba nikurekebishe kwa heshima. Hadithi zinazomtaja Mahdi kwa jina hilo ziko kwa Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Maja. Kwenye Bukhari na Muslim hakuna hilo jina. Kilichopo ni kwamba mtakuwaje atakapoteremka mwana wa Mariamu na imamu wenu akiwa anatoka miongoni mwenu. Maulamaa wengi wanasema imamu huyo ndiye Mahdi, lakini hiyo ni tafsiri yao, siyo maneno ya hadithi yenyewe. Na kwenye Kurani Mahdi hayumo, wakati Isa anaitwa Al-Masihi waziwazi.

Ustadhi_Pasiansi
Binti, umesoma wapi wewe? Nitarudi na vitabu.

Bi_Nyakato
Wanangu, hamjambo. Nilifundisha Divinity kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, sasa nafuga kuku tu, ngoja nijaribu.

Mchuuzi, umeuliza vizuri kwa sababu umetaka kusikia kauli yao. Anza na neno lenyewe. Ukifungua Biblia yako ya Kiswahili 1 Samweli 24, Daudi anakataa kumuua Sauli kwa sababu Sauli ni "masihi wa Bwana". Sauli huyu mfalme aliyekataliwa! Ukienda Isaya 45, Koreshi mfalme wa Uajemi, ambaye wala si Mwisraeli, naye anaitwa masihi. Neno maana yake mtu aliyepakwa mafuta ili afanye kazi fulani, basi. Siyo jina la Mungu aliyeshuka, na mwanzoni halikuwa hata jina la mtu wa mwisho wa dunia. Ni mfalme, kama mtemi aliyesimikwa.

Baadaye ufalme ulipovunjika, watu wakapelekwa utumwani, wakaanza kumtumaini mfalme mmoja wa ukoo wa Daudi atakayeirudisha nchi. Huyo ndiye wanayemsubiri. Hawasemi ni Mungu, wala hawasemi atazaliwa na bikira, wala hafi kwa ajili ya dhambi za mtu. Ni binadamu.

Mtu aliyeyapanga haya kwa uwazi kuliko wote ni rabi Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Kordoba, akafia Misri mwaka 1204, alikuwa pia tabibu. Anasema hivi, nafupisha. Akitokea mfalme wa nyumba ya Daudi, anayeisoma Torati na kuishika, akawarudisha Israeli kwenye njia yake, akapigana vita vya Mungu, basi huyo tunamdhania kuwa ndiye. Kumbuka neno hilo, tunamdhania. Akifanikiwa, akajenga Hekalu mahali pake, akawakusanya Wayahudi waliotawanyika, hapo ndipo tunasema hakika ndiye. Na kama hakufanikiwa kiasi hicho, au akauawa, tumeshajua siye. Kwake mtu huyo hata halaaniwi, anahesabiwa kama wafalme wema wengine wa nyumba ya Daudi waliokufa.

Hii ndiyo tofauti kubwa ambayo kijiweni kwenu hawakuifikia. Mkristo anamsubiri mtu ambaye tayari anamjua jina, ni Yesu, aliyekuja na atakayerudi. Mwislamu anamsubiri Isa huyohuyo, ila kwake Isa hakusulubiwa wala hajafa, alinyanyuliwa, atarudi, aishi, kisha afe na Waislamu wamsalie. Myahudi hana jina. Ana kazi iliyowekwa mezani, na yeyote atakayeimaliza ndiye.

MchuuziWaDagaa
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo ni kama tenda? Anayemaliza barabara ndiye mkandarasi?

Bi_Nyakato
Marahaba mwanangu. Umechekesha, lakini ndiyo, karibu na hapo. Tena hatakiwi kufanya miujiza. Bin Maimuni anasema wazi usidhani lazima afufue wafu au abadilishe maumbile. Dunia itaendelea kama kawaida, tofauti ni kwamba Israeli hawatakuwa tena chini ya utawala wa wengine.

Sabato_Buswelu
Mwalimu naheshimu elimu yako ila hapo Wayahudi walijichanganya wenyewe. Danieli 9 inataja majuma sabini, ukipiga hesabu inaangukia kwa Yesu bila kupinda. Wangepiga hesabu wangemjua. Sisi Waadventista tunasoma unabii kwa hesabu. Danieli 8:14, siku 2300, siku moja ni mwaka mmoja, anza 457 kabla ya Kristo, unafika 1844.

NgoshaWaMagu
2300 toa 457 ni 1843 mkuu. Hata mimi wa la saba najua kutoa.

Sabato_Buswelu
Hakuna mwaka sifuri Ngosha. Unatoka mwaka 1 kabla ya Kristo unaingia mwaka 1 baada. Kwa hiyo unaongeza mmoja, 1844. Hata William Miller, yule mhubiri wa Marekani aliyeanzisha hesabu hii, alianza na 1843, kisha wakarekebisha wakafika tarehe 22 Oktoba 1844.

NgoshaWaMagu
Na tarehe hiyo ilifika? Nauliza kwa sababu yangu. Mjomba wangu kule Sengerema alitokewa na mhubiri mmoja wa kupita, simtaji, akawaambia Yesu anarudi mwezi fulani tarehe fulani. Mjomba akauza ng'ombe kumi na wawili, shamba la mihogo akaliacha na magugu. Tarehe ikapita. Mhubiri akasema hesabu ilikuwa na kosa dogo. Ng'ombe hawakurudi. Sasa hivi mjomba anaendesha bodaboda akiwa na miaka hamsini na nane.

Sabato_Buswelu
Pole ndugu. Sitaficha, tarehe 22 Oktoba ilifika na Yesu hakuonekana. Wengine hawakuvuna mashamba yao, walilia mpaka asubuhi. Wenyewe tunaiita siku ya kukatishwa tamaa kukuu. Waliobaki wakasoma tena wakaona tarehe ilikuwa sawa, ila tukio lilikuwa la mbinguni, kutakaswa kwa patakatifu pa huko juu, siyo kurudi duniani. Tangu hapo kanisa letu halipangi tarehe ya kurudi. Huyo mhubiri wa mjomba wako hakuwa wetu.

Bi_Nyakato
Sabato, asante kwa kusema ukweli bila kuuzungusha. Sasa uone jinsi Wayahudi nao walivyoungua kwa moto huohuo, mpaka ndani ya Talmudi, kitabu chao cha mafundisho ya marabi, kuna rabi anayewalaani wapiga hesabu za mwisho, anasema mifupa yao na ivimbe. Sababu anaitoa: wakati waliotaja ukifika naye hajaja, watu husema basi haji tena. Kwa hiyo siyo kwamba hawakupiga hesabu. Walipiga, wakaumia.

Nikupeni kisa chenyewe maana bila kisa haya ni maneno matupu.

Mwaka 132, miaka sitini na kitu baada ya Warumi kuchoma Hekalu, alitokea Uyahudi mtu anaitwa Simoni bin Kosiba. Akawapiga Warumi kweli kweli, akatawala sehemu ya nchi kwa miaka mitatu hivi. Rabi mkubwa kuliko wote wa zama hizo, Akiba, alimwangalia akakumbuka Hesabu 24, "nyota itatokea katika Yakobo", akatangaza: huyu ndiye mfalme Masihi. Ndipo jina likageuzwa, badala ya Bar Kosiba wakamwita Bar Kokhba, mwana wa nyota.

Watu wake walichukua fedha za Kirumi wakazigonga upya juu ya sura ya Kaisari, wakaweka picha ya Hekalu na maneno "mwaka wa kwanza wa ukombozi wa Israeli". Mnaona? Wanahesabu miaka ya ukombozi wao kwenye sarafu. Na barua zake zimepatikana, zilikuwa zimefichwa kwenye mapango ya jangwa la Yudea, zilifukuliwa karibu na mwaka 1960. Ukizisoma hukuti mtu anayejiita Masihi. Anajiita Simoni bin Kosiba, mkuu wa Israeli. Anagombeza makamanda wake. Katika barua moja, katikati ya vita, anaagiza punda wakachukue makuti na malimau ya sikukuu ya vibanda ili watu wake wasikose kuadhimisha. Mimi barua hiyo hunigusa kuliko sarafu zote.

Lakini siyo wote waliomkubali. Rabi mmoja, Yohana bin Torta, alimjibu Akiba pale pale: "Akiba, majani yataota mashavuni mwako na mwana wa Daudi atakuwa hajaja bado."

Kaisari Hadriani akamleta jemadari wake bora kutoka Uingereza. Mwaka 135 ngome ya Betari ikaanguka, Simoni akafa. Mwandishi wa Kirumi Kasio Dio anataja waliouawa 580,000 na vijiji 985 vilivyobomolewa. Wapo wanaoona idadi imekuzwa, lakini hakuna anayekataa kwamba nchi iliteketea. Akiba naye Warumi walimuua. Na marabi wa baadaye wakaligeuza jina mara ya pili: Bar Koziba, mwana wa uongo.

Sasa turudi kwa Bin Maimuni, miaka elfu moja baadaye. Anamtumia Simoni kama ushahidi wake. Anasema: Akiba na wenye hekima wenzake hawakumwomba ishara wala muujiza, walimpima kwa kazi. Alipouawa, wakajua siye. Hakuna aliyesema atafufuka, hakuna aliyesema atarudi.

BintiMkuyuni
Shikamoo mwalimu. Hapo nimeelewa kwa nini wanafunzi wa Yesu walichanganyikiwa. Nilisoma Injili ya Luka shuleni, wale wawili wa njia ya Emau wanasema tulikuwa tukitumaini kwamba yeye ndiye atakayewakomboa Israeli. Tulikuwa. Wameshamfuta kwa sababu amekufa, kwa kipimo hichohicho.

Bi_Nyakato
Marahaba binti. Umenizidi, mimi ningefika hapo kwa maneno mengi. Na hata baada ya kufufuka wanamuuliza katika Matendo 1, Bwana, wakati huu ndipo unapowarudishia Israeli ufalme? Ni swali la Kiyahudi kabisa. Ukristo ulizaliwa pale watu waliposema kifo hakikumfuta, na ile kazi iliyobaki ataikamilisha akirudi. Myahudi akisikia hivyo anasema: kazi haijakamilika, kwa hiyo tunaendelea kungoja. Hapo ndipo njia zinapoachana, wala hakuna anayehitaji kumwita mwenzake mfuasi wa Dajali.

Mlokole_Mabatini
Bi mkubwa, na Isaya 53 je? "Alijeruhiwa kwa makosa yetu." Wayahudi wanaisoma au wameiruka?

Bi_Nyakato
Wanaisoma, iko kwenye Biblia yao neno kwa neno. Wengi wao wanasema mtumishi yule ni taifa la Israeli lenyewe, maana sura za nyuma yake Isaya anamwita Israeli "mtumishi wangu". Talmudi ina mahali inapomhusisha Masihi na mateso, na ina hata masihi mwingine wa ukoo wa Yusufu atakayeuawa kabla ya yule wa Daudi. Kwa hiyo usidhani wote wanasema kitu kimoja. Hata juu ya Bar Kokhba, Talmudi ya Babeli inasema marabi walimpima kama anaweza kuhukumu kwa kunusa tu, kwa jinsi walivyoisoma Isaya 11, akashindwa, wakamuua wao. Mwanachuoni mmoja wa Ufaransa alimrushia Bin Maimuni habari hiyo: unasemaje hawakumwomba ishara? Ubishi huo bado umechapwa pembeni ya ukurasa wa kitabu cha Bin Maimuni mpaka leo.

Mlokole_Mabatini
Mimi bado naona ni Yesu wazi wazi.

Bi_Nyakato
Mimi Mkristo pia mwanangu. Nimejibu lililoulizwa.

Ustadhi_Pasiansi
Nimerudi. Binti wa Mkuyuni yuko sahihi juu ya Bukhari na Muslim, nimeangalia, Mungu amlipe. Ila nina jambo. Mwalimu umesema Myahudi peke yake ndiye hana mtu anayemjua. Mahdi wetu sisi Masuni naye hatumjui. Hajazaliwa, au kazaliwa hajulikani. Ni binadamu, ana ukoo maalumu, atatawala miaka michache. Huyo hafanani na masihi wa Kiyahudi kuliko hata anavyofanana na Yesu wa Wakristo?

Bi_Nyakato
Ustadhi, hilo sikulisema na nilipaswa kulisema. Kweli kabisa. Masihi wa Bin Maimuni na Mahdi wa Kisuni ni jirani sana. Tofauti ninayoiona ni kwamba Mahdi ana jina lililotabiriwa, jina lake na la babake kama la Mtume, kisha anakuja Isa baada yake.

BintiMkuyuni
Na kipimo cha kazi kimetokea kwetu pia. Muhammad Ahmad wa Sudani alijitangaza Mahdi mwaka 1881, akaiteka Khartumu Januari 1885, Juni mwaka huohuo akafariki. Dunia haikujaa uadilifu. Jirani zetu Mashia Ithnaasheri hapa mjini wako tofauti tena: kwao Mahdi ameshazaliwa zamani, ni imamu wa kumi na mbili, yuko hai na amefichwa tangu mwaka 874. Nisfu Shaabani wanasherehekea kuzaliwa kwake. Kwa hiyo wao wanamjua, kama Wakristo wanavyomjua wao.

NgoshaWaMagu
Kwa hiyo Wayahudi hawana mjomba kama wangu? Wao wanasubiri kazi iishe ndiyo wanaamini?

Bi_Nyakato
Wanao, Ngosha, wanao sana. Kipimo kiko kitabuni, moyo uko kwingine. Mwaka 1665 Shabetai Sevi wa Izmiri alitangazwa Masihi, na habari zikaenea toka Yemeni mpaka Uholanzi. Watu wakauza nyumba. Kule Hamburugi kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, Glikeli, ameacha maandishi yake. Anasema baba mkwe wake aliacha nyumba na mali, akatuma Hamburugi mapipa mawili yamkute tayari siku ya kupanda meli kwenda Nchi Takatifu. Moja la nguo na shuka, jingine la vyakula vikavu: maharage, njegere, nyama iliyokaushwa. Septemba 1666 Shabetai akasimamishwa mbele ya Sultani, akavua kofia yake, akavaa kilemba, akasilimu.

Wengi wakarudi nyumbani na aibu. Wachache wakasema kusilimu kwake ni siri, wakamfuata. Na mwaka 1994 rabi mmoja mkubwa wa kundi la Kiyahudi la Lubavitchi alifariki Nyuyoki, na mpaka leo wamo miongoni mwa wafuasi wake wanaosema ndiye, atarudi. Wayahudi wenzao wanawaambia: mnaongea kama Wakristo. Hilo halijaisha.

MchuuziWaDagaa
Mwalimu nimeshiba, kesho nakwenda kuwasomea kijiweni, sijui kama watanisikiliza. Ila mimi ni mtu wa vikavu, umenikwamisha pale pale. Yale mapipa yaliishia wapi? Maana maharage na nyama kavu ukivifungia ndani ya pipa bila hewa, wadudu hawaulizi wewe ni dini gani.

Bi_Nyakato
Yalikaa zaidi ya mwaka. Mwishowe wakaandikiwa wafungue la chakula kisije kikaharibu na nguo.

MchuuziWaDagaa
Na la nguo?

Bi_Nyakato
La nguo lilibaki kama miaka mitatu. Mzee alikuwa anasema wakati wowote atalihitaji.